Waya wa Kioo

Pale gereji kila mtu alimwita Baridi. Msidhani ni kwa upole wake! Mdomo wa yule mwanamke uliweza kuchubua rangi ya gari. Jina lilitokana na kazi: alikuwa fundi wa AC za magari, na hakutaka kusikia habari nyingine. Ukimpelekea breki, atakutazama kama umemtukania ukoo.

Asubuhi hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, na Baridi alikuwa na gari moja tu mbele yake. Alilizunguka mara nne bila kuligusa. Lilikuwa gari la baba yake. Fundi bodi wa banda la pili alikuwa amemaliza kubadilisha mlango wa abiria, ule ambao lori liliugonga pale njia panda miezi mitatu nyuma, mama yake Baridi akiwa amekaa hapohapo. Mama hakufika hospitali. Baba alitoka na mchubuko wa kiwiko. Kiwiko, jamani! Mzee mwenyewe alikuwa akikionyesha kile kiwiko kwa aibu, kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

Sasa gari lilikuwa linauzwa. Mwalimu mmoja wa mtaani angekuja kesho kulichukua, na kabla ya hapo Baridi alikuwa na kazi ya dakika tano: kurudisha waya mmoja nyuma ya dashibodi. Waya huo aliukata mwenyewe. Baba alijua umekatwa, lakini hakujua maana yake. Baridi alijua yote mawili, na kwa miezi mitatu hakumwambia mtu.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana, mzee alikuja gereji amenuna.

"Gari yangu ina jini," alisema. "AC sijaiwasha. Taa yake haijawaka. Lakini nikizungusha kitufe cha hewa mpaka kwenye alama ya kioo cha mbele, nasikia tak! kule mbele, kompresa ya AC inaanza kunguruma na injini inalemewa. Nani kaituma?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa, baba. Hiyo ni ya kukausha ukungu wa kioo. Hewa inapoozwa kwanza halafu..."

"Kukausha kwa baridi?" Mzee aligeuka akawatazama mafundi wote. "Mmemsikia binti yangu? Wewe nguo zako ukifua unaanika ndani ya friji?"

Gereji nzima iliangua kicheko. Fundi bodi alilazimika kushika ukuta. Baridi naye alicheka, kwa sababu baba yake akichekesha alikuwa mtamu, na kwa sababu alipenda kumwona akishinda. Hakumalizia maelezo. Alichukua koleo, akachomoa paneli ya dashibodi, akaukata waya wa swichi ndogo iliyo nyuma ya kitufe, ile inayoiamsha kompresa kitufe kikifika kwenye kioo. Akaufunga kwa utepe. "Haya, jini limetoka," alisema, na mzee akaondoka anapiga mluzi.

Ilibaki sentensi moja ya kusema: siku ya mvua, baba, bonyeza AC mwenyewe. Sentensi fupi tu hiyo. Haikumtoka.

Sasa alikuwa ameshachomoa paneli, na ncha mbili za waya zilikuwa zinaning'inia, aliposikia fundi bodi akiita, "Mzee huyo! Mshikeni mkono, pana dimbwi hapo!"

Baba aliingia chini ya bati akipapasa ukuta kwa mkono mmoja. Usoni alivaa miwani minene aliyoinunua barabarani kwa mchuuzi, miwani ya macho ya mtu mwingine kabisa. Daktari alishampima mara mbili akamwambia macho yake ni mazima. Mzee alimjibu kwamba daktari hakuwepo siku ile. Tangu hapo hakuwa anashika usukani, hakuwa anasoma gazeti, na hata kuvuka barabara alisubiri mtu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeleta kadi ya gari. Na nimekuja kuiaga."

Alifungua mlango mpya wa abiria, akakaa kwenye kiti cha mkewe. Baridi hakujua la kufanya, akazunguka akaingia upande wa dereva. Mvua ilipiga bati mpaka ikabidi wafunge milango ili wasikilizane.

"Alilalamika miguu inaganda," mzee alianza, bila kuulizwa. "Nikamwekea hewa ya miguuni. Akasema hapo sawa. Tukaenda kidogo, kioo kikaanza kuziba. Nikazungusha kitufe mpaka mwisho, kwenye kioo, feni nikaipandisha yote. Ikavuma mpaka tukawa tunapigiana kelele. Hewa inapuliza kioo chote, mwanangu, na mimi sioni! Mbele ni maziwa matupu. Sasa kama hewa ilikuwepo na bado sikuona, si ni macho? Ni haya macho yamemuua mama yako."

Alivua miwani akayafikicha, kwa nguvu, kama anayaadhibu.

Angeweza kuunga ule waya, akafunga paneli, mwalimu akachukua gari lake, na siri ikaondoka nalo. Nani angejua? Lakini mzee alizidi kuyafikicha yale macho, na yeye hakuweza tena kutazama.

"Si macho, baba."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Ni waya. Ule niliokata mimi."

Mzee aliacha kufikicha. Baridi akaona maneno hayatamtosha, akashuka, akaenda kwenye meza ya vifaa kuchukua birika la umeme la mafundi, maji yake yakiwa yametoka kuchemka. Aliliweka sakafuni mwa gari, kifuniko wazi, akaingia tena, akafunga mlango. Mvuke ukapanda. Kioo cha mbele kikafifia, kikawa cheupe. Akalitoa birika nje, akawasha injini, akageuza kitufe mpaka kwenye alama ya kioo, feni juu kabisa.

"Sikiliza. Kuna tak?"

"Hakuna," mzee alisema taratibu.

"Hiyo ndiyo hewa uliyokuwa nayo. Leo mvua inanyesha, hewa ya nje imejaa unyevu. Feni inauchukua na kuupuliza kwenye kioo kilichokwisha kulowa. Kupuliza si kukausha. Kompresa ikiwaka, hewa inapita kwanza kwenye kipoza nyuma ya dashibodi. Kipoza ni baridi, maji ya kwenye hewa yananata pale kama jasho kwenye chupa ya soda, yanadondokea chini ya gari. Ndipo hewa inapashwa moto kwa joto la injini, inafika kwenye kioo ikiwa kavu, na inaubeba ukungu. Ukielekeza hewa usoni au miguuni, kompresa hii inangoja uombe, maana kule ni raha ya mtu tu. Kwenye kioo waliifanya ijiwashe yenyewe kwa sababu mtu asiyeona mbele hana muda wa kukumbuka vitufe. Mimi nikaizuia. Na sikukwambia ubonyeze AC mwenyewe. Ningekwambia, ungeona njia."

Alisema yote kwa pumzi moja, machozi yanamtiririka, kisha akangoja kofi au laana. Mzee hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama kioo.

"Hiyo ni nini?"

Kwenye ukungu, mbele kabisa ya usukani, ilikuwepo mistari. Ilianzia upande wa abiria ikapinda kuelekea kwa dereva, minne pamoja, mara moja, mara mbili, mara tatu, alama za vidole vilivyopangusa kioo kwa haraka. Mafuta ya ngozi yalikuwa yamebaki pale miezi mitatu, hayaonekani, hadi mvuke ulipoyafichua. Mstari wa chini ulikaa mbali na wenzake. Ulikuwa wa kidole kidogo kilichopinda, kile ambacho mama alikibana na mlango wa kabati akiwa msichana, na ambacho wanawe walikuwa wakimtania nacho.

"Alikuwa ananifutia," mzee alisema. "Nilisahau. Alijinyoosha hivi, akawa ananifutia. Mimi nikamkemea, nikamwambia toa mkono, unaniziba."

Baridi hakujua alie kwa lipi. Ili mikono yake ipate kazi, akazishika zile ncha mbili za waya akazigusanisha.

Tak.

Mlio wa injini ulishuka kidogo, kisha injini ikajikaza. Kwa muda hakukutokea kitu. Kisha chini ya kioo, juu ya dashibodi, ukafunguka uwazi kama wa sahani, ukapanda, ukapanuka. Nje ikaonekana kwa vipande: ndoo, tairi, miguu ya fundi bodi. Haikufika hata dakika mbili. Uwazi ukafika kwenye kidole kilichopinda, ukakimeza, ukaanza na vingine.

"Zima!" mzee alipiga kelele. "Zima, zima!"

Baridi aliachanisha waya, akazima feni, akazima injini. Kioo kilikuwa kimetakata. Mzee alikitazama bila miwani, na ilionekana wazi kwamba anaona kila kitu kule nje, kila tone.

"Miezi mitatu," alisema hatimaye, bila kumgeukia. "Kuukata, nilikusukuma mimi. Kucheka, nilicheka mimi. Hilo tutagawana. Lakini miezi mitatu unanishika mkono kunivusha barabara, unaniona nayachukia macho yangu, na unajua. Hilo ni lako peke yako."

"Ni langu, baba."

"Sijui nitalisamehe lini."

"Ndiyo, baba."

Fundi bodi alisogea, akachungulia nyuso zao, akarudi alikotoka bila mzaha wowote. Mvua haikupungua. Milango ilikuwa imefungwa, na hewa ndani ilianza kuwa nzito kwa pumzi zao wawili. Baridi aliweka mkono kwenye mlango ili ashuke.

"Kaa," mzee alisema. "Pumua."

Akakaa. Walipumua, baba na binti, hawatazamani. Kioo kilififia tena polepole, pembeni kwanza, kisha katikati, na mbele ya usukani kile kidole kilichopinda kikarudi.

Mzee alinyoosha mkono karibu nacho, lakini hakukigusa.

"Mwalimu akija kesho mwambie gari haiuzwi," alisema. "Na huo waya uunge leo."