Kioo cha Wesley

Jumanne, tarehe kumi na moja Februari. Asubuhi mvua ya manyunyu, mawingu yameshuka mpaka kwenye majabali nyuma ya mtaa wa Al Khuwair, jijini Maskati.

Waendesha pikipiki wa duka la dawa walisimama duara chini ya paa la maegesho, helmeti zao sakafuni, wakaomba kabla ya kazi kama kila siku. Zachariah alifumba macho akaiombea safari yake. Katikati ya sala alijikuta anaomba mwenzake Wesley achelewe, mara moja tu. Akasema amina haraka kuliko wenzake.

Wesley alikuja Maskati mwaka jana. Miwani yake ilikuwa mizito kuliko ya Zachariah, na bado mvua ikinyesha yeye ndiye aliyepewa njia ya mtaa wa Qurum. Huko Qurum alikuwako Bibi Mazoon, aliyezaliwa Unguja, ambaye humkaribisha mpelekaji dawa barazani na kumpa kahawa na maneno ya Kiswahili. Zamani kahawa hiyo ilikuwa ya Zachariah.

"Zachariah, leo dawa zako ni za hapa hapa, maofisini," alisema Millicent, mgawa kazi, akimpa mfuko. "Na ukisimama tena njiani eti miwani imeshika ukungu, kesho unapanga maboksi ndani. Siwezi kumtuma mtu asiyeona."

"Naona vizuri, dada."

"Wiki jana ulimuona nani? Ulimsalimia mlinzi ukidhani ni mimi."

Wenzake wakacheka. Wesley naye akacheka, na hicho ndicho kilichomuuma.

Mapema asubuhi hiyo Zachariah alikuwa amemchungulia. Alimwona Wesley akipaka tone la sabuni ya vyombo upande wa ndani wa kioo cha helmeti. Hapo Millicent akamwita Zachariah, asione kilichofuata. Lakini aliona cha kutosha, au ndivyo alivyojiambia. Sasa akaenda jikoni, akapaka kioo chake na miwani yake sabuni tele, akaiacha hivyo hivyo. Kwa sababu ya baridi alivuta shali ya shingoni ikamfunika pua. Akashusha kioo mpaka chini, akatoka.

Kabla hajafika barabara kuu, taa za magari zilikuwa zimetawanyika kama rangi iliyomwagika. Pumzi ilipanda kutoka kwenye shali mpaka kwenye miwani. Sabuni ililoa, ikateleza kwa michirizi. Lori likapiga honi sikioni mwake. Alijivuta chini ya daraja akasimama, akiwaza maboksi ya kesho.

Pikipiki ikapunguza mwendo. Ilikuwa ya Wesley, safarini kwenda Qurum.

"Mzee, umeishiwa petroli?"

"Endelea na safari yako."

Wesley akashuka, akamvua helmeti kama anayemvua mtoto kofia, akapitisha kidole kwenye kioo. "Hii umeoshea sufuria? Sabuni inapakwa kidogo, halafu inasuguliwa kwa kitambaa kikavu mpaka usiione tena. Unachotaka ni utando mwembamba tu, maji yasijikusanye kuwa matone. Lete miwani." Akavifuta vyote kwa maji ya chupa, akapaka upya tone la sabuni kutoka kichupa chake, akasugua taratibu. "Na hiyo shali iteremke, pua iwe nje. Ulikuwa unajipulizia pumzi machoni. Fungua hili tundu la kidevuni. Ukisimama kwenye taa, inua kioo kidogo, hewa ipite."

"Kwa nini hukuniambia siku zote?"

"Ungenisikiliza?"

Zachariah alivaa helmeti, akaona daraja zima, mpaka nyufa zake, na akamchukia mtu huyu kwa kuwa mwema.

Alifikisha dawa zote kwa wakati. Waliporudi dukani adhuhuri, Millicent alikuwa na simu mkononi.

"Wesley, Bibi Mazoon amepiga. 'Nnamngoja kijana wangu tangu asubuhi, dawa ya presha imenipita saa yake.' Ulikuwa wapi?"

Wesley alimtazama Zachariah, kisha akatazama viatu vyake. "Mvua, dada."

"Basi. Zachariah amefika kila mahali kwa wakati. Kuanzia kesho Qurum ni yake."

Utamu ulimjaa Zachariah kifuani. Aliiona baraza, akaisikia harufu ya kahawa. Wesley alikuwa amechelewa: hilo ndilo aliloomba asubuhi, neno kwa neno, na sasa aliogopa jinsi lilivyojibiwa.

"Alichelewa kwa ajili yangu," alisema. "Nilikuwa chini ya daraja, sioni kitu. Amenitengenezea kioo."

Mwenzake mmoja aliyekuwa akila chapati aliacha kutafuna.

"Na bado nina wivu naye," Zachariah akaendelea, "msidhani umenitoka. Lakini mbele yenu na mbele za Mungu naahidi: Qurum ibaki ya Wesley. Nisichokijua nitauliza, hata kama wa kuulizwa ni yeye. Na siku nisipoona, nitakuja kukwambia mwenyewe, dada Millicent, kabla sijawasha pikipiki."