Mtama Usiolowekwa

Miaka sita nilipiga kelele kiwandani kwamba wenye mali wanatulisha wali mweupe usiokaa tumboni. Siku walipokubali na kuuleta mtama, nilitaka upikwe siku hiyo hiyo.

Mpishi wetu, Mama Mwiko, akasema, "Mwanangu, mtama mzima hulowekwa usiku kucha. Mkavu hivi utataka zaidi ya saa nzima, na vikombe vitatu au vinne vya maji kwa kimoja."

"Hizo ni hila za mabwana!" nikamfokea mbele ya watu. Nikapika mwenyewe: maji vikombe viwili kwa kimoja, kama wali, dakika ishirini.

Maji yalikauka, punje zikabaki ngumu. Fundi mashine akatema. "Mtetezi wetu, leo umetupikia kokoto?" Watu wakacheka, kengele ikalia, wakarudi kazini na njaa.

Mama Mwiko hakucheka. Aliongeza maji ya moto, akapunguza moto, akasema zamu ya jioni watakula.

Ningeweza kuwangoja wenzangu watoke kazini, nimwombe radhi mbele yao. Badala yake nilimwomba palepale jikoni, kwa sauti ya chini, mimi niliyemtukana kwa sauti ya juu.

"Nimesikia," akasema, bila kugeuka.