Unga Yenye Élysée Alificha

Chumba ya Élysée, kule Rughenda mu Butembo, ilikuwa ndogo sana: akilala chini kupiga pompe, kusukuma mwili juu na mikono, kichwa inagusa mulango, miguu inagusa kitanda. Feza ya salle ya sport hakukuwa nayo. Alichukua tube ya zamani, mupira ya ndani ya gurudumu ya camion, akaikata vipande, nyembamba ya mikono, nene ya mugongo, anafunga ku chuma ya dirisha na kuvuta mupaka chuma inalia. Tangu akimbie vita ya Eringeti, asubui kitu yenye ilikuwa inamujibu ni ile chuma.

Siku moja Mama Kanyere, mwenye parcelle ile alipanga, akasikia vile anahema, akasimama ku mulango.

"We kijana, unajitayarisha kwenda mu pori ya nani?"

"Mama, ni sport tu."

"Sport bila ballon? Siku hizi batu benye kujijenga mwili peke yabo, tunabajua: banaenda kwa baasi."

Kisha pale Élysée akakuwa anafunga rideau ya dirisha, na anahema polepole kama mwizi.

Mutu alibakia naye ni Ariel. Balikulia pamoja Eringeti. Sasa Ariel iko convoyeur, musaidizi wa chauffeur, ku camion ya Maulidi, ku Beni. Yeye ndjo alimutumia créatine: unga mweupe mu sachet bila jina, mu mikono ya chauffeur.

"Kijiko kidogo kila siku na maji, usiruke," akamuambia ku simu. "Usikule mingi, tumbo itakufukuza. Na haiko uchawi. Tube ndjo inafanya kazi. Unga inakusaidia tu uongeze pompe mbili pale zilikuwa zinakushinda."

Kwanza kilo zikapanda. Élysée akafurahi, Ariel akamucheka: "Ile ni maji mu misuli, usijione bado patron!" Kisha, polepole, pompe nazo zikapanda, tube ikakuwa mwepesi, akaikunja mara mbili. Mais nani ataona? Anajipiga photo, anatumia Ariel. Ariel anajibu kesho yake, kidole moja juu, basi.

Ndjo siku moja Ariel akapiga mwenyewe.

"Maulidi anatafuta mubebaji. Kuja! Tutakuwa babili juu ya camion."

Ile asubui Élysée akakunywa kijiko ya unga, akavuta tube kupita siku zote, akapanda pikipiki ya kwenda Beni.

Maulidi hakamataka mutu ku kazi bila kupimwa damu. Mubebaji wake mumoja aliangukia njiani, hakuamuka. Ku dispensaire, infirmière Virginie akatoa damu, kisha akarudi na uso ya mutu mwenye habari mubaya.

"Créatinine yako iko juu. Inaweza kuwa figo hazisafishi damu muzuri. Unakunywaka dawa gani?"

Nyuma yake, ku banc, basoda babili na bunduki balikuwa banangojea kupimwa malaria. Élysée akafikiri sachet bila jina.

"Hapana hata moja."

"Ya kienyeji? Ya kujenga mwili?"

"Hapana, madame."

Maulidi, mwenye alimuleta pale, akamushika mabega. "Mwanangu, nilishazika mubebaji mumoja. Wa pili, hapana."

Inje, Ariel aliposikia habari ya damu, akamuvuta shati. "Ulimuambia juu ya créatine?"

"Niseme mbele ya basoda niko na unga mweupe?"

"Eh, zoba, mujinga we! Ingia! Ingia sasa hivi!"

Virginie aliposikia, akapiga mikono. "Mais, kijana! Mwili inageuza créatine kuwa créatinine, na figo inaitupa na mukojo. Ukikula hiyo unga, na asubui ukatumia nguvu mingi, inaweza kupanda hata figo iko nzima. Mais mi siwezi kusema figo ni nzima kwa kuangalia misuli yako. Leta mukojo. Acha unga, acha ile kuvuta tube, wiki tatu. Kisha turudie kupima."

Mukojo ilikuwa muzuri. Lakini kusaini karatasi ya kazi, Virginie alikatala mupaka apime damu ya pili.

"Asubui angesema tu," Maulidi akamuambia Ariel, "ningengoja kidogo. Mais mutu mwenye kuficha infirmière, atanificha nini mimi?"

Kesho yake camion ikaondoka na mubebaji mupya, kijana mumoja, Salomon. Ariel akapungia Élysée mukono toka juu ya magunia, kisha Salomon akamuambia kitu, Ariel akageuka, bote bakacheka.

Wiki tatu zikapita, Élysée akarudi Beni. Virginie akasoma damu, akacheka.

"Figo za mutoto! Enda ukatumike kazi."

Akapigia Ariel pale pale.

"Ariel, figo ziko muzuri!"

"Muzuri, ndugu! Niko njiani, sikusikii bien." Moteur, kelele, sauti ya Salomon: ni nani huyo? "Nitakupigia!"

Simu ikakatika. Élysée akabakia ku banc. Mama mwenye kufagia akafika ku miguu yake.

"Unangojea nani, papa?"

"Hapana mutu. Nilishamaliza."

Akainua miguu ili mama apitishe ufagio, akairudisha chini, akakaa tu, simu mu mukono.