Kahawa ya Kavira Ilizama

Evas alirudi kwenye tangi mara tu matanga ya mumewe yalipoisha, kwa sababu kwake kukaa nyumbani na kusimama tangini vilikuwa kitu kimoja. Watu wa kituo cha kuoshea kahawa, kule mlimani juu ya Bwera, walimpa pole mmoja mmoja. Alijibu asante. Alijibu asante hata kwa mmoja aliyekuwa anamwomba apishe njia.

Kazi ilifanywa na mikono yake. Mkulima akileta gunia, alilimwaga kwanza juu ya turubai akaondoa matunda ya kijani, maana tunda bichi nalo ni zito na maji hayalikatai. Kisha matunda mekundu yaliingia tangini na Evas akayakoroga kwa mti mrefu. Yaliyojaa yalishuka. Yaliyotobolewa, yaliyokaukia mtini, yasiyo na punje ndani, yalipanda juu yakaelea, naye akayaengua kwa chujio na kuyatia kwenye ndoo, yakaanikwe peke yake na kuuzwa kwa bei ya chini. Yaliyozama ndiyo yaliyokwenda kwenye mashine ya kumenya.

Mumewe Zedekia alikuwa ameugua tumbo msimu mzima. Evas alikuwa akishuka naye hospitali ya misheni ya Kisinga na kupanda naye tena, hadi safari moja akapanda na jeneza. Kaburini alisubiri kilio kije. Wengine walilia, na yeye aliwatazama kama mtu anayetazama mvua kupitia dirisha. Mwanawe Bright, aliyekuja kutoka Kampala, alimuuliza kama amekula. Hakukumbuka.

Aliyemlisha siku zile alikuwa Kavira. Huyu alizaliwa upande wa Kongo, akaolewa huku, mume akaenda zake, naye akabaki na shamba la kahawa lililopakana na la Evas kwa juu. Ndiye aliyemwogesha Evas asubuhi za matanga, akamvisha, akalala naye mkekani bila maneno mengi.

Kavira alileta kahawa yake siku ile ile Evas aliporudi kazini. Yalikuwa matunda ya kupendeza, mekundu yote, hata meneja Fred alikuja kuyashika.

"Yaya, angalia," Kavira alisema, akimwita dada kwa namna ya Kongo. "Hii yangu iko muzuri."

Evas akamimina. Matunda yakashuka kama kokoto. Juu ya maji yakabaki machache, hayakujaza hata viganja.

"Imezama," Evas alisema.

"Nilikuambia."

Kahawa ya Evas mwenyewe ilikuwa imechumwa na majirani. Nayo iliingia tangini, nayo ikazama karibu yote. Fred aliichanganya na ya Kavira na ya wanawake wengine wachache, ikawa fungu moja, na lilipokauka akapeleka sampuli yake Kasese akiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kusifiwa.

Alirudi akiwa mtu mwingine. Aliwaita watu wote uani, akasimama kando ya meza za kukaushia.

"Kahawa ya fungu la wanawake imekataliwa," alisema. "Ikisagwa inanuka kiazi. Kiazi ulaya kibichi, kama umekimenya sasa hivi. Mnunuzi amesema hataki."

Watu wakaguna. Kisha mzee mmoja wa kamati akasema jambo ambalo wengine walikuwa wameanza kuliwaza: kwamba kahawa ya upande wa Kongo ndiyo inayonuka hivyo, kila mtu anajua, na kwamba kuna mtu hapa anayevusha magunia usiku pale mpakani Mpondwe.

Hakumtaja. Wote walimtazama Kavira.

"Mie?" Kavira alisema. "Sina mutu kule tena. Hata shamba ya baba yangu ilishaisha kuchukuliwa. Kahawa yangu yote inatoka hapa juu, munaiona mukipita!"

Fred alimvuta Evas pembeni, nyuma ya mashine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ilikuwa imemkausha midomo.

"Mama Bright, nisaidie. Mnunuzi akisikia ni mkulima mmoja, na tumemtoa, ataturudia. Wewe ndiwe uliyekuwa tangini. Sema tu kahawa ya Kavira ilielea. Sema uliengua uliyoweza, mengine yakapita."

Evas alisikia maneno hayo yakipita mbali, kama redio ya nyumba ya jirani. Aliwaza kwamba akikataa itabidi aeleze, na kueleza ni kazi. Akikubali atarudi nyumbani.

"Sawa," alisema.

"Utasema?"

"Sawa."

Fred akarudi mbele ya watu. "Mama Bright aliiona. Ilielea. Si ndiyo, Mama Bright?"

Kavira alimgeukia. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anasubiri tu kusikia jina lake likisafishwa.

"Ndiyo," Evas alisema.

 Kavira akaokota gunia lake tupu, akalikunja vizuri, akaondoka. Kamati ikaamua kahawa yake isipokelewe tena kituoni. Evas alirudi kwenye tangi. Alijitafuta ndani kama kuna kitu kimeumia, asikipate.

Baada ya siku chache Fred alimwambia waende pamoja Kasese. Mwonjaji wa mnunuzi alitaka kuonana na anayesimamia tangi. Walishuka Bwera kwa boda boda, wakapanda teksi ya Kasese inayopitia Kikorongo. Kwenye mbuga nyati walikuwa wamesimama karibu na lami, na abiria wakawanyooshea vidole. Evas aliwaona nyati. Hakuna zaidi.

Mwonjaji aliitwa Habibah, mwanamke wa makamo mwenye hijabu nyeupe na koti la kazi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ghala, na mezani palikuwa na safu ya vikombe vyenye kahawa iliyosagwa, bado kavu.

"Poleni na safari. Mama, hivi vyote ni kahawa yenu, fungu moja," alisema. "Kila kikombe nimekisaga peke yake. Nusa, usiogope."

Evas aliinama. Cha kwanza kilikuwa na harufu ya kahawa, au alidhani hivyo. Tangu mazishi vyakula vyote kwake vilikuwa na harufu ya maji ya moto. Cha pili vile vile. Alipofika kile cha pembeni, kichwa chake kikaruka nyuma chenyewe.

Udongo. Maganda. Kiazi kilichokatwa katikati, kikiwa kimelowa. Harufu ilimwingia puani hadi nyuma ya macho, na kwa mara ya kwanza baada ya muda ambao hakuujua, aliona kwamba yuko mahali fulani, amesimama, miguu inamuuma.

"Ni hicho kimoja," Habibah alisema. "Punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima. Nyingine zote ni nzuri, tena nzuri sana."

"Basi ilikuwa ile iliyoelea," Fred alisema haraka. "Tumeshamjua mwenyewe."

Habibah akatikisa kichwa. "Meneja, kuelea hakutakuambia hili. Kuna kunguni wa kahawa, anadunga tunda likiwa changa. Akilinyonya sana linabaki tupu, hilo litaelea na mtalitoa. Lakini akilidunga kidogo tu, kijidudu cha ugonjwa kinaingia na tunda linaendelea kukua. Linajaa, linakuwa jekundu, linazama. Maji yanajua zito na jepesi. Harufu hayaijui. Hata mimi nikilishika tunda hilo siwezi kulijua, mpaka likaangwe na lisagwe."

"Kwa hiyo ni shamba la nani?" Evas aliuliza. Sauti yake ilimshangaza.

"Kwa kikombe siwezi kusema. Nendeni mkatafute kunguni mwenyewe. Ana mgongo kama ngao, mweusi, mwenye madoa ya rangi ya machungwa na meupe. Anapenda miti ya kahawa iliyosongamana, ambayo haijapogolewa."

Njiani kurudi Fred alizungumza sana. Evas alikuwa anawaza neno moja, haijapogolewa.

Zedekia ndiye aliyekuwa akipogoa. Kila baada ya mavuno alizunguka na msumeno wake mdogo, akifungua katikati ya kila mti ili jua lipite, akiokota wadudu na kuwatia kwenye kopo la maji ya sabuni huku akiwatukana kwa lugha yao ya Lhukonzo. Msimu huu hakuna aliyepita mle, isipokuwa wachumaji.

Jua lilikuwa bado juu alipofika. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja shambani, akatandika kitenge chini ya mti wa kwanza, akautikisa. Walianguka. Weusi, madoa ya machungwa, wakikimbilia mikunjo ya kitambaa. Aliutikisa mti wa pili, wakaanguka wengine. Alipowabana walitoa uvundo uliobaki vidoleni.

Akapanda hadi kwenye mpaka, akavuka kwa Kavira. Miti ya Kavira ilikuwa wazi, unaona mbingu kupitia matawi. Alitikisa miti mingi pale. Alipata kunguni wawili, karibu kabisa na upande wake.

"Unatafuta nini kwa shamba yangu?" Kavira alikuwa amesimama nyuma yake.

Evas alifungua kitenge, akamwonyesha. "Hawa ndio wanaotia ile harufu. Hawa wengi ni wangu. Hawa wawili ni wako, na nadhani wametoka kwangu."

"Weye ulisema ilielea."

"Nilisema."

"Uliiona ikizama. Tulikuwa sisi wote wawili pale."

"Ilizama, Kavira."

"Basi kwa nini?"

Evas alitafuta jibu la kweli. "Waliniuliza, na mimi sikuwa nasikia kitu. Ningeweza kusema lolote."

 "Mie nilikuogesha," Kavira alisema, akaingia nyumbani kwake akafunga mlango.

Kesho yake Evas alisimama mbele ya kamati na kitenge chake. Alisema kahawa ya Kavira ilizama, ya kwake pia ilizama, na kwamba alidanganya. Fred aliinamisha kichwa, kisha, na hili watu walimhesabia wema baadaye, akasema yeye ndiye aliyemwomba adanganye. Walikwenda kutikisa miti. Kunguni walionekana katika mashamba mengi, wengi zaidi kwa Evas, na hata kwa yule mzee aliyetaja Mpondwe. Lile fungu liliuzwa kama kahawa ya kawaida, kwa bei ndogo. Kavira alirudishwa kituoni, lakini alitoa sharti moja: kahawa yake isimiminwe tena na Evas.

"Ni haki yake," Evas alisema Fred alipomweleza, akamkabidhi mti wa kukorogea. Akahamia kwenye meza za kukaushia, kuchambua punje zilizovunjika na zenye madoa, na jioni alikwenda kupogoa.

Alikuwa hajui kupogoa. Alikata matawi ambayo hayakupaswa kukatwa na kuacha yaliyopaswa. Jioni ya tatu au ya nne alisikia mtu akikata upande wa juu, ndani ya mpaka wake. Kavira hakusalimia.

"Hiyo unaiua," alisema bila kugeuka. "Kata hapa, karibu na shina. Acha hii ndogo."

Evas akakata pale.

"Na hii?"

"Hiyo toa."

Walifuata mistari miwili tofauti ya miti, wakishuka na mteremko. Evas aliona kwamba kiganja chake kimechubuka na kinawaka. Akakifumba, akakifumbua, kikawaka tena. Akahamia mti mwingine.