Hadithi ya Mpishi wa Bweni

Saa mbili na robo asubuhi mtoto alikuwa ameshalala. Alikuwa kwenye benchi la korido ya hospitali, kichwa chake kimeegemea bega la mjomba wake, mdomo wazi kidogo. Usiku alilala mapema na asubuhi wakamwamsha kwa kumtikisa.

"Mwache," mjomba alisema dada yake, mama wa mtoto, alipoinuka kumwamsha. "Hata gari hupozwa injini."

"Akiingia na usingizi atapata alama mbaya."

"Dada, mtoto si daftari la kusahihisha."

Mama alirudi kukaa. Alikuwa mwalimu wa darasa la mwisho la shule ya msingi, na binti yake alikuwa katika darasa hilohilo. Zamani wanafunzi wenzake walimwita binti huyo Cherehani, kwa jinsi alivyosema na kuandika bila kukata uzi. Kisha pikipiki ikamgonga nje ya lango la shule. Alikaa siku nzima bila fahamu, akalazwa wiki mbili, akarudi nyumbani na kovu juu ya sikio. Tangu hapo alikuwa anauliza jambo alilojibiwa muda si mrefu, anatupa kijiko ukutani, kisha analia kwa sababu amekitupa. Mitihani ya mwisho ilikuwa karibu. Mkuu wa shule alisema hatamrudisha darasani wala kumwingiza katika mtihani mpaka mwanasaikolojia wa hospitali aandike kwamba anaweza. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuandika.

Mwanasaikolojia alitoka mwenyewe kuwaita. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani na viatu visivyo na sauti.

"Leo Mwalimu utabaki nje," alisema. "Mara ile nilikuruhusu ukae pembeni kwa kuwa mtoto aliogopa. Sasa amenizoea. Si ndiyo, Cherehani?"

"Ndiyo," alisema mtoto, akijifuta mate shavuni.

Mlango ukafungwa. Juu yake kulikuwa na kidirisha kisichofungika vizuri, na mama alichagua kiti kilichokuwa chini yake.

Miezi mitatu nyuma, akiwa amekaa pale pembeni, alimsikia mwanasaikolojia akimsomea binti yake hadithi fupi. Mpishi wa bweni aliamka akakuta jiko limezimika, akaazima mkaa kwa mlinzi, uji ukachelewa, wanafunzi wakagonga sahani. Mtoto alitakiwa kuisimulia papo hapo, kisha tena baada ya nusu saa. Papo hapo alikumbuka mpishi na uji. Baada ya nusu saa alisema, "Hadithi gani?"

Mwalimu ni mwalimu. Mtoto akishindwa swali, hurudishwa kwenye somo. Mama aliishika hadithi ile kichwani kabla hawajafika nyumbani, na kila jioni baada ya chakula aliketi mezani na binti yake. Mpishi wa nini? Wa bweni. Akaazima nini? Kwa nani? Mtoto alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema kinauma. Mara nyingine alilia. Mama alimpa maji na kumwambia, "Mara moja tu ya mwisho, mwanangu." Kidogo kidogo hadithi ikakaa. Ikakaa yote, mpaka sahani.

Sasa, kupitia kidirisha, alisikia sauti ya mwanasaikolojia ikisoma taratibu, lakini maneno hayakumfikia. Kisha sauti ya binti yake, nyembamba, haraka, bila kusita: "Mpishi wa bweni aliamka akakuta jiko limezimika..."

Mama alifumba macho.

"Unasikia?" alimnong'oneza kaka yake. "Cherehani amerudi."

Mjomba alitega sikio. "Mbona anasema kama anasoma ubaoni?"

"Ndiyo kukumbuka huko."

Walitoka kwa mapumziko, mtoto akanywa maji, akalala tena palepale kwenye benchi. Wakarudi ndani. Kazi iliendelea mpaka karibu saa sita. Mwishoni mwanasaikolojia alimwacha mtoto na mjomba wake, akamwita mama.

Alianza na karatasi ya alama za kuchora, ambamo mtoto hutakiwa kuandika alama inayolingana na kila tarakimu, haraka iwezekanavyo. "Asubuhi alikwenda polepole kuliko wa umri wake, lakini bila makosa. Nilipoirudia mwishoni, alifanya karibu nusu ya za asubuhi, na makosa mengi. Anachoka, Mwalimu. Uvivu haumo. Ubongo unaopona unatumia nguvu nyingi kwa kazi ambayo zamani ilikuwa ndogo."

"Na kumbukumbu?" mama aliuliza. "Nilisikia kidogo. Hadithi aliisema yote."

Mwanasaikolojia alivua miwani.

"Leo nilimsomea hadithi ya dereva wa lori lililobeba viti. Mvua inanyesha, daraja limefungwa. Ziko mbili zenye uzito sawa, ili mtoto asirudie ileile. Nilipomaliza nikamwambia anisimulie. Akanipa mpishi. Nikadhani amechanganya, nikamuuliza kama ndiyo hadithi niliyosoma sasa hivi. Akasema ndiyo. Baada ya nusu saa, mpishi tena. Dereva hakuwepo kabisa."

Nje, gurudumu la kitanda lilipita likilia.

"Nilipomuuliza maswali ya ndiyo na hapana, alijua kwamba kulikuwa na mvua na lori. Kwa hiyo kuna kilichoingia. Lakini siwezi kusema kiasi gani kimezuiwa na ajali na kiasi gani kimefunikwa na mpishi. Nani alimfundisha?"

"Nilitaka afaulu."

"Najua. Ila mtoto akifundishwa majibu, kipimo kinampima mwalimu. Alama hii siwezi kuiandika kama yake. Tutarudia baada ya miezi sita."

"Mtihani utakuwa umepita."

"Hata bila alama hii, ningesema asifanye mwaka huu. Kasi yake na uchovu wake vinatosha kusema hivyo."

Kisha akasema lililobaki kwa sauti ileile. Alikuwa amemuuliza mtoto kuhusu moyo wake. Je, huwa anatamani asiwepo? Mtoto alisema hapana, na mwanasaikolojia alimwamini, ila angependa kumwona kila wiki mbili. Alipomuuliza nini kinamhuzunisha zaidi, mtoto alijibu, "Mama anamtaka yule wa zamani. Mimi namfahamu, lakini simpati."

Mama aliangalia mikono yake. Kwenye kucha moja kulikuwa na chaki.

Walikubaliana hivi, na mwanasaikolojia akamwandikia mkuu wa shule: kuanzia Jumatatu atakwenda shule nusu siku, siku tatu kwa wiki, na kila baada ya kipindi apumzike mahali penye utulivu. Asinakili ubaoni, apewe maelezo yaliyoandikwa. Aambiwe jambo moja kwa wakati mmoja. Jioni asifundishwe kitu chochote.

"Hata kidogo?" aliuliza mama.

"Hata kidogo."

Kwenye korido mjomba alisimama. "Wamesemaje, dada?"

"Mwakani," alisema mama.

Jumatatu mtoto aliingia darasani na kukaa mbele. Wenzake walimpigia makofi. Alifunika masikio, na makofi yakafa moja moja. Kipindi cha kwanza kilipoisha mama alimpeleka kwenye chumba cha walimu, akafunga pazia, akamlaza kwenye mkeka, akarudi kufundisha.

Wakati wa mapumziko alikwenda kumtazama. Mtoto alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, lakini midomo yake ilikuwa inacheza. Mama alipiga magoti, akainama mpaka sikio likakaribia.

Alikuwa amefika kwa mlinzi na mkaa.