Trekta Likilala Halili

Gia, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, aliendesha matrekta ya watu mpaka mgongo ukagoma. Sasa alitaka la kwake, jipya, ila akiba ya nyumba aliishika mkewe, mama lishe asiyetoa senti bila maelezo. Basi akabandika kalenda kwenye ukuta wa jikoni, akaanza kuhubiri.

Miezi ya kulima aliipaka kijani. Ya mavuno pia, maana kutakuwa na tela la kubebea mahindi na mashine ya kuyapukuchua. Dizeli aliipigia hesabu vizuri, tumpe haki yake. Hakusahau udongo mzito unaoinywa bila huruma, wala ile inayoteketea njiani kutoka shamba hadi shamba bila mteja kuilipia. Mkewe akaitikia kwa kichwa, na bwana akavimba.

Kisha mkewe akauliza kuhusu miezi iliyobaki nyeupe. Gia akajibu kwamba trekta litafanyiwa sevisi, lipumzike. Na dereva je?

Dereva mtarajiwa alikuwa kaka wa mkewe, aliyekaa pale na kikombe chake cha chai, mpole utadhani kaja kuposa. Gia akaeleza kwamba malipo ni kwa ekari tu. Trekta likilala, naye aende kwake, ataitwa.

"Shemeji," dereva akasema, "trekta likilala halili. Mimi nikilala, nakula."

Wote wakacheka, na Gia akamtania kwamba tumbo lile lingehitaji kalenda ya peke yake. Shemeji hakununa. Alisema tu kuna tajiri ng'ambo ya mto anayelipa kidogo hata kiangazi, kwa hiyo mvua zikikaribia yeye atakuwa huko. Gia akabisha kwamba madereva wamejaa tele. Lakini alijua vizuri kwamba waliojaa tele ndio wanaovunja majembe kwenye visiki msimu ukipamba moto.

Mkewe akaweka kidole kwenye mwezi mweupe.

"Baba watoto, miezi hii wewe ulikuwa unalishwa na nani?"

Gia akakumbuka. Kila kiangazi tajiri wake alimwambia nenda, nitakuita, naye akarudi mikono mitupu kwa mwanamke huyu aliyeamka alfajiri kuwasha jiko la biashara. Hakuwahi kumshukuru. Alichowahi kusema ni kwamba mboga haina chumvi. Aibu ikamshika.

Akachukua kalamu. Mshahara mdogo kila mwezi, mvua au jua, na nyongeza ya ekari msimu ukifika. Katika kila ekari, fungu liwekwe kwa ajili ya kiangazi. Alipomaliza, trekta jipya lilikuwa limeota mbawa.

"Tutanunua lililotumika," akasema kwa unyonge. "Na wewe mama, ahsante kwa miaka yote ile."

Mkewe akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Lililotumika halinitishi," akasema akielekea chumbani kuleta akiba. "Nimelala nalo miaka yote hii, na bado linawaka."