Kupima kwa Mdomo

Profesa alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kuipenda sauti yake mwenyewe, na huo haukuwemo kwenye dodoso. Ripoti yake ya utafiti wa presha ilifika mezani kwa Mtakwimu ikiwa na jalada la kung'aa, picha yake ukurasa wa kwanza, na picha yake nyingine ukurasa wa mwisho, kwa faida ya wale wanaoanza kusoma kwa nyuma. Kazi ya Mtakwimu katika ofisi ile ya afya ilikuwa kuhakiki hesabu na kutia saini. Mama huyu alisifika kwa kuona desimali iliyopotea kama wengine wanavyoona nzi kwenye maziwa, lakini safari hii hakuona kitu. Hesabu zilikuwa safi.

Mjini, katika kila watu wazima mia, thelathini na mmoja walikuwa na presha. Mlimani, watatu tu. Profesa akahitimisha kwamba hewa ya mlimani ni dawa. Kwa hiyo akapendekeza mashine mpya za kupimia presha zilizokuwa zikingoja kugawiwa, pamoja na vidonge vyake, vibaki vyote mjini. Watu wa mlimani, ambao zahanati yao haikuwahi kuwa na mashine hata moja, waendelee kuvuta hewa.

Mtakwimu alikuwa ameshashika kalamu. Kama mama mkwe wake asingeshuka kutoka mlimani Jumapili ile kuwaona wajukuu, mambo yangeishia hapo.

"Walikuja vijana wa utafiti," mama mkwe alisimulia huku akijikanda kisogo. "Wana adabu, wamelelewa. Wakaniuliza, mama, una presha? Nikawaambia, presha ya nini tena? Binti wa mwisho nimeshamwoza, mkwe wangu hanisumbui, sina presha na mtu."

"Wakakupima, mama?"

"Wanipime nini, na nimeshawajibu?"

Mtakwimu akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Neno presha lina nyumba mbili, moja kwenye mishipa ya damu na nyingine kwenye mawazo, na vijana wenye adabu walikuwa wamebisha hodi mlango usio wao. Akaitoa mashine ambayo mumewe alikuwa ameificha kabatini baada ya kuchoka kuambiwa apunguze chumvi. Akamketisha mama mkwe kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, mkono juu ya meza, akamwomba anyamaze dakika tano. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ngumu. Akampima mara tatu, akimpumzisha kila mara, kipimo cha kwanza akakiacha, viwili vya mwisho akavitafutia wastani. Mia moja tisini na mbili kwa mia moja na nane.

"Mama, kisogo kinauma tangu lini?"

"Hiki? Huu ni uzee tu, mwanangu."

Mtakwimu aliogopa, akamwita mumewe. Mumewe alimpeleka mama hospitali saa ile ile. Naye alipobaki peke yake, hofu ikageuka aibu, kwa maana karatasi ya kumnyima mama huyu mashine ilikuwa mkobani mwake ikingoja saini yake.

Akaifungua ripoti upya. Safari hii hakusoma namba, alisoma maneno. Lengo la kwanza: *Kupima kiwango cha shinikizo la damu kwa watu wazima.* Kurasa kadhaa mbele, kwenye mbinu: *Washiriki waliulizwa, Je, una presha?* Akatafuta mashine huku na huko, hakuiona. Timu nzima ilikuwa imepanda mlima na kushuka bila kumfunga mtu hata mmoja mkanda mkononi. Mjini kila duka la dawa lina mashine, na watu wanaambiwa hali zao. Mlimani wale watatu walijua kwa sababu waliwahi kulazwa mjini. Wengine walikuwa hawana presha kama vile asiye na kioo hana masizi usoni.

Kikao cha kamati kilikaa Jumanne. Mwenyekiti alikuwa Mganga Mkuu, mtu mpole aliyesikiliza mikutano kwa sikio moja, la pili akiwa ameliazima simu. Profesa alizungumza hadi chai ikapoa. Mtakwimu akaomba nafasi.

"Profesa, lengo lenu linasema kupima. Mlipima kwa nini?"

"Kwa sababu presha ni janga," Profesa akajibu kwa huzuni ya kitaalamu.

"Nauliza mlipima kwa kifaa gani."

"Kwa dodoso. Dodoso ni kifaa, mama."

"Ni kifaa cha kukusanyia majibu. Ulichopata si idadi ya wenye presha. Ni idadi ya waliokwisha kuambiwa wanayo, tena wale walioelewa unauliza presha ipi."

"Unataka kusema wananchi ni waongo?"

"Wamesema kweli tupu. Mama mkwe wangu aliwaambia vijana wako hana presha na mtu, na hana."

Kuna mjumbe aliyecheka, akajifanya anakohoa. Profesa akatafakari. Hakuwa mjinga; alikuwa na kitu kibaya zaidi, alikuwa mwepesi.

"Hili ni jambo dogo," akasema. "Kama mbinu haikubaliani na lengo, tubadilishe lengo." Akachukua kalamu na kuandika pale pale: *Kuchunguza ni watu wangapi wanaosema wana presha.* Wajumbe wakapiga makofi. Mmoja akasema huo ndio unyenyekevu wa kisomi. Kiatu kimebana, wamekata kidole, na sasa wanakisifu kiatu.

"Iandikwe pia kwamba lengo limebadilishwa baada ya kazi kwisha," Mtakwimu akasema. "Na likibadilika lengo, pendekezo nalo lianguke. Hatuwezi kuwanyima watu mashine kwa kuwa wamesema hawaumwi. Hawajui. Watajuaje?"

Mganga Mkuu akaiweka simu chini. "Mlimani kuna mashine ngapi?"

"Hakuna."

"Basi hata hao watatu walijuaje?"

Mganga Mkuu akaamua nusu ya mashine na vidonge vipelekwe mlimani, na zahanati ipime watu wazima wote. Mtakwimu alitia saini chini ya lengo jipya, akarudi nyumbani na furaha ambayo hakumficha mtu.

Nusu mwaka ukapita. Muuguzi wa mlimani alipima nyumba kwa nyumba, akakuta katika kila mia ishirini na wanane wana presha. Mama mkwe akaanza kumeza kidonge kila asubuhi, na kisogo kikatulia.

Ndipo ripoti mpya ya Profesa ikatua mezani, jalada linang'aa vile vile. *Athari za Mashine za Presha kwa Jamii ya Mlimani.* Kabla ya mashine kuletwa, watatu kwa mia. Baada ya mashine kuletwa, ishirini na wanane. Hesabu zilikuwa safi. Profesa alipendekeza mashine ziondolewe haraka kabla hazijamaliza watu, na wajumbe wanne wa kamati walikuwa wameshaandika pembeni kwamba wanaafiki.

Mtakwimu hakutia saini. Alipanda mlimani mwisho wa juma na karatasi zake, akamsomea mama mkwe, ili angalau apate mtu wa kukasirika naye.

"Huyo bwana hajakosea," mama akasema. "Kabla ya hizi mashine, huku kwetu hakuna mtu aliyekuwa na presha. Watu walikuwa wanaanguka tu, tunazika." Akanyoosha mkono. "Nipe maji, mwanangu, nimeze dawa."